Wastani wa shamba la viazi hautoshi: pima na mkengeuko sanifu

Wakulima wengi wa viazi mviringo, kuanzia Uporoto hadi Makete, wakiulizwa shamba limetoa nini hujibu kwa namba moja: eka imetoa gunia kadhaa. Namba hiyo ni wastani, na wastani una tabia ya kuficha. Shamba lililozaa sawasawa kila kona na shamba lenye kona nono na kona tupu yanaweza kutoa mzigo uleule kabisa, wakati matatizo yake hayafanani hata kidogo. Kuna hesabu moja ya ziada inayoyatenganisha, nayo ni mkengeuko sanifu. Hesabu hii hutaja, kwa kilo, sehemu ya kawaida ya shamba iko mbali kiasi gani na wastani.

Kwanza tupate namba zenyewe. Wiki ya kuvuna, gawa shamba katika sehemu 8 zinazokaribiana kwa ukubwa. Katika kila sehemu chagua tuta moja kwa kura, kisha pima mita 4 za tuta hilo kwa futi au kamba uliyokwisha kuipima. Usichague kwa macho, kwa sababu jicho la mkulima hukimbilia majani mabichi. Matuta mawili ya pembeni yaache, maana mimea ya ukingoni hupata mwanga na nafasi kuliko ya ndani. Chimba mita zile 4 zote, pukuta udongo, pima kwa mzani wa kuning'iniza na uandike kilo papo hapo. Gunia au ndoo havifai kwa kazi hii. Kila mtu anajua lumbesa ya leo na ya jana hazilingani, na tofauti ya vipimo itaingia kwenye hesabu kana kwamba ni tofauti ya shamba. Kamba inayovutika nayo italeta kasoro hiyohiyo.

Hizi hapa ni namba za mfano za mashamba mawili ya eka moja moja, nilizozitunga ziwe rahisi kuhesabika. Matuta yameachana sentimita 75, kwa hiyo mita 4 za tuta ni mita za mraba 3.

Shamba la kwanza: kilo 5, 4, 6, 5, 5, 4, 6, 5.
Shamba la pili: kilo 2, 8, 5, 3, 7, 4, 9, 2.

Jumlisha: kila moja lina kilo 40, na ukigawa kwa 8 unapata wastani wa kilo 5. Eka ina mita za mraba 4,047 hivi, yaani vipande kama 1,349 vya ukubwa huo, kwa hiyo mashamba yote mawili yanakadiriwa kutoa tani 6.7 kwa eka. Ukiishia hapo, utawapa wenye mashamba haya ushauri mmoja, na angalau mmoja wao atapoteza fedha.

Sasa chukua shamba la pili. Toa wastani kwenye kila namba uone kila kipande kimekengeuka kiasi gani: −3, 3, 0, −2, 2, −1, 4, −3. Ukijaribu kuzijumlisha hivyohivyo unapata sifuri, kwa sababu zilizopungua zinafuta zilizozidi. Itakuwa hivyo kwa shamba lolote. Ndiyo maana ya wastani. Ili alama ya kutoa isituharibie kazi, zidisha kila mkengeuko kwa wenyewe: 9, 9, 0, 4, 4, 1, 16, 9. Jumla ya vipeo hivyo vya pili ni 52. Gawa kwa 7 upate 7.43, halafu tafuta kipeuo cha pili ili urudi kwenye kilo za kawaida. Jibu ni kilo 2.73.

Vipande ni 8, kwa nini tumegawa kwa 7? Kwa sababu wastani wenyewe tumeupata kutoka kwenye vipande hivihivi. Ukishajua mikengeuko 7, wa 8 huna haja ya kuupima, kwani lazima jumla iwe sifuri. Tuna habari 7 zilizo huru, siyo 8. Ungevuna na kupima kila tuta la shamba bila kubakiza, ungegawa kwa idadi yote.

Shamba la kwanza ni jepesi zaidi. Mikengeuko yake ni 0, −1, 1, 0, 0, −1, 1, 0, jumla ya vipeo vyake vya pili ni 4, na mkengeuko sanifu ni kilo 0.76. Mwenye simu au kompyuta yenye jedwali la hesabu aandike namba 8 kwenye safu ya A, kuanzia A1 hadi A8, kisha fomula hii:

```
=STDEV.S(A1:A8)
```

Ipo nyingine inayoishia na P, ambayo hugawa kwa 8. Kwa shamba la pili itakupa 2.55, na kwa vipande vichache kama hivi itakuwa inakupunja.

Hebu tusome majibu. Shamba la kwanza, kilo 5 na mkengeuko 0.76, linasema: chimba popote utakuta kilo 4, 5 au 6. Shamba la pili, kilo 5 na mkengeuko 2.73, linasema: kilo 5 ni namba ya daftarini tu, ukichimba usishangae kupata 2 wala 8. Mwenye shamba la kwanza akitaka kupanda juu inabidi aguse shamba zima, pengine abadili mbegu iliyochoka au apime udongo. Mwenye shamba la pili tayari ana vipande vinavyotoa kilo 8 na 9 kwa mbegu ileile na mvua ileile. Kumwambia aongeze mbolea eka nzima ni kumpotosha. Akatafute kilichozikuta kona zake mbovu.

Na hapa mkengeuko sanifu unafikia kikomo chake cha kwanza. Unakueleza tofauti ni kubwa kiasi gani, haukuelezi iko wapi. Zichanganye namba zile 8 upendavyo, jibu halibadiliki. Kwa hiyo chora shamba kwenye karatasi, uandike kila kilo mahali ilipochimbwa. Kilo ndogo zikikusanyika bondeni, fikiria maji yanayotuama na mnyauko wa bakteria, ugonjwa unaopenda kusafiri na maji ya mtelemko. Huo hupimwa wakati mimea ingali hai: kata shina la mmea ulionyauka karibu na udongo, lining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kulitikisa. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye kidonda baada ya dakika chache, ni bakteria. Hilo halitibiwi kwa dawa ya kupuliza. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake, usichukue mbegu humo, na kipande hicho kipumzishwe viazi, nyanya, pilipili na jamaa zao. Kilo ndogo zikiwa juu ya mtelemko, yawezekana udongo wa juu umechukuliwa na mvua, basi angalia kama matuta yamepigwa kukinga mtelemko au kuufuata. Zikiwa zimetawanyika bila mpangilio, tuta hili zuri na la jirani bovu, mimi huanza kuuliza juu ya mikono: mbegu za ukubwa tofauti zilizotiwa bila kuchambuliwa, au mbolea ya kupandia iliyotupwa kwa kiganja na vibarua watatu wenye viganja vitatu.

Kikomo cha pili ni umbo la namba. Tuseme shamba la tatu limetoa 6, 6, 6, 6, 6, 6, 3, 1. Wastani ni 5 tena, na mkengeuko sanifu ni 1.93. Anayeanza atachukua 5, ajumlishe na kutoa 1.93, aseme vipande vingi viko kati ya kilo 3 na karibu 7. Lakini hakuna kipande hata kimoja kilichofika 7. Shamba hili ni zima kabisa isipokuwa sehemu mbili zilizopigwa, na ni sehemu hizo mbili zilizobeba jumla ya 20 katika 26 ya vipeo vya pili. Kukuza mkengeuko kwa kuuzidisha kwa wenyewe huzipa namba za mbali sauti kubwa kuliko zile za karibu. Ndiyo sababu, kabla ya kukokotoa, pitisha macho kwenye orodha. Aliyeandika 50 badala ya 5 atapata mkengeuko wa kutisha kwa kosa la kalamu.

Nimesikia pia watu wakisema wapime vipande 30 ili mkengeuko upungue. Hautapungua kwa sababu hiyo. Kama shamba lina kona nzuri na mbaya, vipande 30 vitaonyesha tofauti ileile, ila vitakupa uhakika zaidi kwamba wastani wako ni wa kweli. Shamba lenye mkengeuko mkubwa ndilo linalohitaji vipande vingi. Vipande 8 vinatosha kwa shamba la kwanza, lakini kwa la pili ningechimba angalau 16 kabla ya kutangaza tani kwa eka.

Mkengeuko mdogo nao si sifa peke yake. Shamba lililotoa kilo 2 kila mahali lina mkengeuko sifuri, na mwenyewe atalala njaa. Siku zote isome namba hii ikiwa pembeni ya wastani. Njia nyepesi ni kuigawa kwa wastani na kuigeuza asilimia: shamba la kwanza lina asilimia 15, la pili 55. Asilimia hukusaidia hasa unapolinganisha mashamba yenye wastani tofauti. Mkengeuko wa kilo 2.73 kwenye shamba lenye wastani wa kilo 15 ungekuwa asilimia 18 tu.

Turudi kwa mwenye shamba la pili. Tuseme msimu unaofuata amechimba mfereji wa kutoa maji bondeni na kuchambua mbegu, na vile vipande vyake vitatu vilivyotoa kidogo kuliko vyote, vyenye kilo 2, 3 na 2, vimefika kilo 5 kila kimoja, vingine vikibaki vilevile. Jumla inakuwa 48, wastani kilo 6, na mkengeuko unashuka hadi 1.77. Ongezeko la kilo 1 kwa kipande ni kama tani 1.3 kwa eka, bila kugusa sehemu zilizokuwa nzuri. Lakini ili aweze kulinganisha misimu hii miwili, lazima apime mita 4 zilezile kwa tuta na idadi ileile ya vipande. Akipima mita 10 msimu huu, kilo za kila kipande zitaongezeka, mabonde na vilima vidogo ndani ya kipande vitafidiana, na asilimia ya mkengeuko itaelekea kushuka hata kama shamba halijabadilika chochote.