Kabla ya Kukubali Kusafishwa: Ultrasaundi Ikionyesha Mabaki ya Mimba

Mimba imetoka, umeenda kupimwa, na kwenye majibu pameandikwa kuna mabaki kwenye kizazi. Mara nyingi neno linalofuata ni "usafishwe". Kabla hujapanda kitandani, pitia haya, kwa sababu kusafishwa ni njia moja kati ya tatu: nyingine ni kungojea na kutumia vidonge. Tunayosema hapa yanahusu mimba iliyotoka yenyewe ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, ambayo kifuko chake kimeshatoka na kilichobaki ni vipande vya kondo, utando na damu. Kama kifuko kizima bado kimo ndani, hiyo ni hali nyingine yenye dozi nyingine, kwa hiyo swali la kwanza kwa aliyekupima ni hilo: kifuko kipo au hakipo?

Jua kundi lako la damu, na kama ni chanya au hasi. Walio hasi huenda wakahitaji sindano ya anti-D, hasa wakisafishwa, na ikihitajika ichomwe ndani ya saa 72. Wingi wa damu nao upimwe, maana anayeanza safari hii akiwa na upungufu wa damu hana akiba ya kutokwa na damu kwa wiki mbili.

Beba majibu ya ultrasaundi za mwanzo, usiyaache nyumbani. Daktari anatafuta jambo moja humo: je, kuna siku mimba ilionekana ndani ya kizazi? Kama haikuwahi kuonekana, ukuta mzito wenye damu si ushahidi kwamba mimba ilikuwa humo ikatoka. Mimba iliyotunga kwenye mrija nayo huleta damu ukeni, na kizazi nacho huweza kuonekana kina uchafuuchafu. Hapo kinachofaa ni kupima homoni ya mimba kwenye damu, kurudia baada ya saa 48, na kulinganisha. Maumivu makali ya upande mmoja, maumivu ya ncha ya bega au kuzimia havingoji saa 48, hospitali ni saa hiyo hiyo.

Jikague mwili kabla ya kuisoma picha. Unalowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo? Una homa ya nyuzi 38 au zaidi, uchafu unaonuka, tumbo linalouma hata likiguswa kidogo, kizunguzungu ukisimama? Ukiwa na mojawapo, habari ya kuchagua imekwisha. Damu nyingi hutibiwa kwa kutoa mabaki haraka, na maambukizi hutibiwa kwa antibayotiki pamoja na kutoa mabaki. Asikwambie mtu ukanywe maji ulale.

Sasa picha yenyewe. Hapa ndipo wengi wanapoumizwa bure.

Mpimaji huweka alama mbili kwenye skrini, moja mbele na moja nyuma ya utando wa ndani ya kizazi, mashine ikatoa unene kwa milimita. Baadhi ya vituo vina mpaka wao, kwa mfano milimita 15, na anayeuvuka huandikiwa "mabaki". Lakini hakuna mpaka mmoja ambao madaktari wote wamekubaliana. Sababu ni rahisi: bonge la damu, utando unaojiandaa kutoka na kipande cha kondo vyote huonekana kama vitu vya kijivu visivyo na umbo maalumu. Dopla, yaani kipimo cha ultrasaundi kinachoonyesha damu inayopita kwa rangi, husaidia kidogo. Rangi ikionekana inapita ndani ya kile kipande, huenda ni kondo ambalo bado limeshikana na ukuta na linapata damu. Rangi isipoonekana, huenda ni bonge tu, ingawa kipande cha kondo kilichokufa nacho hakina rangi. Na rangi ikiwa nyingi mno ndani ya msuli wenyewe wa kizazi, mtu asiingize chombo kwa pupa, kwa sababu mishipa iliyotanuka pale inaweza kumwaga damu vibaya.

Chukua mfano. Mwanamke wa wiki 9, mimba yake iliwahi kuonekana ndani ya kizazi, alitokwa na mabonge na kifuko Jumamosi usiku. Jumatatu asubuhi anapimwa: unene milimita 17, mchanganyiko wa kijivu na cheusi, kifuko hakipo, dopla haionyeshi rangi. Joto lake 36.8, mapigo 84 kwa dakika, presha 110 kwa 70, damu 11.2. Anabadilisha pedi kila saa 4 na haijalowa yote. Ukisoma milimita peke yake, huyu anasafishwa leo. Ukimsoma yeye, ni mtu aliyepimwa siku mbili tu baada ya mimba kutoka, wakati kizazi bado kinamalizia kazi yake. Kungojea kunamfaa, vidonge vinamfaa, na kusafishwa kunamfaa pia akipenda. Hakuna kinachomlazimisha.

Sasa iache picha ile ile, milimita 17 zile zile, ubadilishe mtu: mapigo 118, presha 90 kwa 55, pedi ya tatu ndani ya saa moja na nusu, midomo myeupe. Huyu huwekewa mpira wa maji mshipani na kupelekwa chumba cha upasuaji mdogo. Namba ya kwenye skrini haikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo ukiambiwa "ni nene, lazima usafishwe", uliza: mbali na unene, ni dalili gani nyingine inayotulazimisha leo? Daktari mzuri atakujibu bila kununa.

Na kama huna damu nyingi wala homa, usikimbilie kurudia ultrasaundi kila baada ya siku mbili. Kila picha itaonyesha kitu, na kila kitu kitakuletea hofu mpya.

Kungojea maana yake ni wiki moja hadi mbili za kuacha kizazi kijisafishe. Kwa mimba iliyokwisha kutoka nusu, kama ya mfano wetu, njia hii hufanikiwa kwa wengi. Kwa mimba iliyokufa ikabaki nzima hufanikiwa mara chache zaidi na huchukua muda mrefu. Tegemea damu kama ya hedhi, siku moja au mbili ikizidi na kuja na mkazo, kisha ipungue. Inayopungua halafu ikarudi kwa nguvu baada ya wiki, au isiyoonyesha dalili ya kupungua kufikia siku ya 14, ikurudishe hospitali. Usichague kungojea kama unaishi mbali na kituo na usiku hakuna usafiri, au kama una tatizo la damu kutoganda, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au damu yako tayari iko chini. Wengi huogopa kwamba kungojea kutaozesha kizazi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006 ulilinganisha njia zote tatu, na maambukizi yalikuwa kati ya asilimia 2 na 3 kwa kila kundi. Tofauti ilikuwa kwingine: waliongojea ndio waliorudi wodini bila kupangiwa mara nyingi zaidi.

Vidonge ni misoprostoli, na kwa mabaki ya aina hii dozi ya Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 600 za kumeza mara moja, au 400 chini ya ulimi. Kidonge kimoja kwa kawaida ni mikrogramu 200, kwa hiyo ni vitatu vya kumeza au viwili vya chini ya ulimi. Vya chini ya ulimi viache viyeyuke kwa nusu saa, kisha meza kilichobaki kwa maji. Mkazo huanza ndani ya saa chache. Meza ibuprofeni mapema, kama tumbo lako halina vidonda, usingoje maumivu yapande. Kutetemeka kwa baridi, kuharisha na joto la muda mfupi ni kazi ya dawa. Homa inayoendelea hadi kesho yake si ya dawa tena, hiyo ni ya kuangaliwa. Kama una kitanzi kizazini, sema kabla. Na usiongeze dozi kwa kujikisia eti damu haikuwa nyingi: kama kilichobaki kilikuwa kidogo, kitakachotoka nacho kitakuwa kidogo.

Kusafishwa kunamfaa mwenye dalili za hatari, yule ambaye njia nyingine mbili hazikumfaa, na pia anayetaka tu jambo liishe leo. Hiyo ni sababu halali, usiionee aibu. Lakini uliza unasafishwa kwa kifaa gani. Kinachotakiwa ni kunyonya, kwa sirinji kubwa ya mkono ya mililita 60 au kwa mashine, na si kukwangua kwa chuma. Kukwangua kunaweza kuchubua utando mpaka kuta za kizazi zishikane, na kutoboa kizazi kunatokea zaidi kwa chuma chenye ncha kuliko kwa mrija wa plastiki. Uliza pia dawa ya maumivu: sindano ya ganzi kuzunguka mlango wa kizazi, na kidonge cha maumivu nusu saa hadi saa moja kabla. Antibayotiki ya kinga hutolewa kabla ya kunyonya. Anayengojea au anayetumia vidonge kwa kawaida haihitaji.

Kazi yenyewe ni ya dakika 5 hadi 10. Anayenyonya anajua amemaliza pale povu jekundu linapotoka bila vipande, mrija unapokwaruza kama umegusa mchanga, na kizazi kinapoubana. Kisha vilivyotoka huoshwa kwenye chujio na kutazamwa ndani ya maji chini ya taa. Kondo huelea kama manyoya laini meupe, bonge la damu huvunjika. Hatua hii ndiyo inayorukwa siku ya foleni ndefu, na ndiyo inayoshtua mapema: manyoya yasipoonekana, ama mabaki bado yamo, ama yalishatoka kabla, ama mimba ilikuwa nje ya kizazi. Omba iandikwe kwenye cheti chako kwamba vilivyotoka vilitazamwa na nini kilionekana.

Njia yoyote utakayochukua, ondoka na tarehe ya kurudi kati ya siku ya 7 na ya 14. Kipimo cha mkojo usifanye wiki ya kwanza, kitasema bado una mimba kwa sababu homoni haijaisha damuni. Fanya baada ya wiki 3, na kikiendelea kuwa chanya rudi kwa daktari. Yai linaweza kutoka ndani ya wiki mbili, hedhi ikiwa bado haijarudi, kwa hiyo kama hutaki mimba sasa hivi, uzazi wa mpango uulizie siku hiyo hiyo. Mpaka damu iishe, acha tamponi na tendo la ndoa, tumia pedi, maana kwenye pedi unaweza kuhesabu. Mwenye simu alale nayo karibu, ikiwa na chaji. Awepo mtu wa kulala naye nyumba moja usiku wa kwanza wa vidonge, na awe anajua namba ile ya pedi mbili kwa saa, kwa sababu anayetokwa na damu nyingi ndiye wa mwisho kukubali kwamba hali imekuwa mbaya.