Mtutu mrefu sio wa kila gemu

Masela wa Mwanjelwa naona wengi kwenye Call of Duty Mobile mnafunga mtutu mrefu kwenye kila bunduki, hata esiemuji, ile bunduki fupi ya kuvizia ndani ya nyumba. Sikieni, mtutu mrefu unaongeza umbali ambao risasi bado ina nguvu, basi, kwa karibu hauongezi kitu. Tuseme bunduki yako inaua kwa risasi 4 mpaka mita 15, ukafunga mtutu ikawa mita 20, sasa jamaa katokea kwenye kona mita 8 bado ni risasi zilezile 4, ila ADS Time, ule muda wa kunyanyua bunduki mpaka ulenge, imetoka milisekunde 200 hadi 240 na bunduki ya risasi 800 kwa dakika inatoa moja kila milisekunde 75, yaani umemwachia zaidi ya nusu risasi bure. Kwa karibu toa kitako kabisa, bunduki itarukaruka kwa mbali ila inanyanyuka fasta. Gripu funga kama tu ukimwaga magazini ukutani bila kuvuta kidole chini matundu yanapanda sana, maana gripu nyingi nazo zinachelewesha kulenga.