Pima sauti ya video ya harusi kabla ya kuipandisha YouTube

Mnaohariri video za harusi hapa Moshi, pimeni faili nzima, si kipande cha MC peke yake:

```
ffmpeg -i harusi.mp4 -af ebur128=peak=true -f null -
```

Mwishoni soma `I`, yaani wastani wa ukubwa wa sauti ya video yote, na `Peak`, kilele chake. Tuseme `I` ni -20 LUFS na kilele ni -3. YouTube hushusha video inayozidi -14, lakini iliyo chini haiipandishi, kwa hiyo yako itasikika hafifu kuliko za wenzako. Unahitaji desibeli 6 zaidi. Ukiziongeza hivi hivi, kilele kinafika +3 na vigelegele vinakwaruza. Kwa hiyo, baada ya kuongeza weka limita yenye kikomo cha -1, kisha pima tena. Ukipata -14.5 inatosha, usihangaike.

Namba ikikaa sawa lakini nasaha za babu bado hazisikiki, pandisha kipande chake peke yake kwenye taimulaini, maana wastani umebebwa na muziki. Kituo cha televisheni kinachofuata EBU R128 kitataka -23. Kitolee nakala yake.