Printa imegoma baada ya kuhamia Windows 11: tafuta draiva kwa namba ya kifaa, si kwa jina

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kilio ninachokisikia sana kwa wateja wa steshenari ni kimoja: "Fundi kaniwekea Windows 11, sasa printa haichapi." Nitatumia mfano wa HP LaserJet 1020, kwa sababu bado imejaa madukani na ndiyo inayosumbua kuliko nyingi.

Hatua ya 1: Hakikisha tatizo ni draiva

Washa printa, chomeka kebo ya USB, bofya kulia kitufe cha Start kisha fungua Device Manager. Chini ya Universal Serial Bus controllers tafuta maneno USB Printing Support. Yakiwepo, kebo ni nzima na kompyuta imeiona printa. Jina la printa likiwa chini ya Other devices na alama ya njano, basi draiva ndiyo haipo. Maneno USB Printing Support yasipotokea hata ukibadili kebo na tundu, usipoteze bando kupakua draiva; shughulikia kebo au printa yenyewe kwanza.

Hatua ya 2: Jua unahitaji draiva ya aina gani

Windows 11 haina toleo la biti 32. Kama Windows yako ya zamani ilikuwa ya biti 32, ile sidii uliyoitunza kabatini huenda ina draiva ya biti 32 tu, na hiyo haitaingia hata ukiilazimisha. Kwenye kompyuta ya kawaida unatafuta iliyoandikwa x64 au AMD64. Usitishwe na neno AMD: hiyo hiyo ndiyo ya prosesa za Intel. Kompyuta ya ARM inataka ARM64.

Halafu kuna mtego ambao wengi hunasa. Wakikosa draiva ya 1020, hupakua ile ya jumla ya HP, Universal Print Driver ya PCL 6. Inaingia vizuri, jina linatokea, kazi inatumwa, lakini karatasi haitoki. LaserJet 1020 haielewi PCL, lugha ambayo draiva hiyo ya jumla huongea na printa. Ukurasa hupangwa na kompyuta yenyewe, na kila printa inapowashwa, draiva huipelekea kwanza programu yake ya ndani. Bila draiva yake mahususi, printa hii haina cha kuiendesha.

Hatua ya 3: Chukua namba ya kifaa

Kwenye Device Manager bofya kulia ile yenye alama ya njano, nenda Properties, kisha Details, na kwenye orodha chagua Hardware Ids. Nakili mstari unaoanza na `USBPRINT\`. Ukifungua USB Printing Support kwa njia hiyo hiyo, 1020 itajitambulisha hivi:

```
USB\VID_03F0&PID_2B17
```

03F0 ni HP, 2B17 ni modeli hii. Kibandiko cha nje kinaweza kukudanganya, namba hii haidanganyi.

Hatua ya 4: Tafuta, kisha kagua kabla ya kuweka

Anza na tovuti ya mtengenezaji. Ukikosa, nenda catalog.update.microsoft.com, bandika ule mstari wa USBPRINT. Mstari huo usipoleta kitu, andika jina la modeli. Tovuti zinazokupa "kipakuzi cha draiva zote" ziache, nyingi zinakuja na uchafu.

Faili la cab likishuka, liweke kwenye folda, fungua Terminal kama Administrator, ulifungue:

```
expand -F:* C:\draiva\faili.cab C:\draiva
```

Sasa fungua faili lenye mwisho wa .inf kwa Notepad. Tafuta namba yako ya kifaa, yaani ule mstari wa USBPRINT, halafu neno NTamd64. Zote mbili zikiwepo, umepata. Kimoja kikikosekana, rudi ukatafute nyingine. Ukaguzi huu wa dakika moja unakuepusha na mzunguko wa kuweka na kuondoa.

Hatua ya 5: Weka

Kama uliwahi kuweka draiva isiyo sahihi, andika `printui /s /t2`, ichague na uiondoe pamoja na kifurushi chake. Kisha:

```
pnputil /add-driver C:\draiva\*.inf /install
```

Zima printa, iwashe. Draiva ikishika, utasikia mota ikizunguka kidogo. Chapa ukurasa wa majaribio. Kazi ikibaki kwenye foleni, fungua Printer properties, sehemu ya Ports. Mara nyingi printa imehamia USB002 huku Windows ikiendelea kutuma USB001. Weka alama kwenye ile sahihi.

Windows ikikataa draiva zote zisizo zake, angalia kwenye Printers & scanners kama Windows protected print mode imewashwa, uizime. Lakini ikikataa kwa sababu ya sahihi ya kidijitali ya draiva, usizime ukaguzi wa sahihi kwenye kompyuta yenye kazi za wateja. Heri uiunganishe printa kwenye kompyuta ya zamani yenye Linux: HPLIP, programu ya HP ya kuendesha printa kwenye Linux, inaiendesha 1020, mradi uweke na programu-jalizi yake.