Somo: Mzigo wa uthibitisho katika madai ya ubaguzi kazini

Ninaandika somo hili kwa sababu nimechoka kuulizwa: "Nitathibitishaje kwamba bosi alikuwa na chuki moyoni?" Katika nchi nyingi hutakiwi kufika huko. Unatakiwa kuonyesha mambo ambayo, yakikosa maelezo, yanatosha kumfanya mwamuzi aone kuwa huenda ulibaguliwa; baada ya hapo mzigo unahama, na ni zamu ya mwajiri kujieleza.

Tuchukue mfanyakazi mwenye miaka 6 kazini na tathmini nzuri, ambaye wiki 3 baada ya kutoa taarifa ya ujauzito anaona cheo alichokiomba kikipewa mwenzake mwenye miaka 2 na tathmini ya chini.

Hatua ya 1: Hifadhi tathmini zako, tangazo la nafasi na uthibitisho wa tarehe uliyotoa taarifa.

Hatua ya 2: Mtaje mtu wa kulinganishwa nawe, aliyeomba nafasi ileile kwa msimamizi yuleyule, lakini asiye na sifa unayodai kubaguliwa kwayo.

Hatua ya 3: Omba sababu kwa maandishi, mapema. Hapa ndipo nilipokosea. Mimi niliuliza kwa mdomo, nikajibiwa kwamba nafasi ilihitaji "mtu atakayekuwepo muda wote". Kwenye shauri sababu ikageuka kuwa udhaifu wa utendaji, nami sikuwa na karatasi ya kuonyesha mgeuko huo, ambao ungekuwa ushahidi wangu bora kuliko wote. Barua iwe fupi na isiyo na shutuma: uliza vigezo vilivyotumika na nani aliamua. Ukijibiwa kwa mdomo, andika siku hiyohiyo barua pepe ya kuthibitisha mlichozungumza.

Maswali ya wanachama

*Mimi ni mwanamke na aliyepandishwa ni mwanamume. Si inatosha?*

Haitoshi. Tofauti ya jinsia na tofauti ya matokeo pekee hazihamishi mzigo. Rudi hatua ya 2.

*Hukusema hivyo waziwazi.*

Nilisema "mambo", si "jambo".

*Mwajiri akikaa kimya, je, kimya chake kina uzito? Na mzigo ukihama, anatakiwa kufanya nini hasa?*

Swali zuri. Kimya hakikupi ushindi, ila mwamuzi anaweza kukitafsiri dhidi yake, kwa hiyo tunza uthibitisho kwamba barua ilipokelewa. Kuhusu la pili, sheria hutofautiana. Katika Umoja wa Ulaya, chini ya Maelekezo ya 2006/54 kuhusu usawa wa wanaume na wanawake kazini, mwajiri lazima athibitishe kwamba hakukiuka sheria. Marekani, kwa kawaida, hutakiwa tu kutoa sababu halali, kisha mfanyakazi ndiye anayeonyesha kuwa sababu hiyo ni kisingizio. Huko ndiko sababu inayobadilikabadilika inapouma zaidi.

*Naweza kujitumia mafaili ya ofisi kabla sijaondoka?*

Yako binafsi, kama kanuni za kazi zinaruhusu. Usiguse ya wateja wala ya wenzako, maana utampa mwajiri sababu halali ya kukufukuza. Andika jina la waraka, tarehe yake na mahali unapohifadhiwa, kisha uombe mwamuzi aagize utolewe. Pia angalia muda wa mwisho wa kufungua shauri, kwani malalamiko ya ndani si lazima yausimamishe.