Mchoro wa klasi wa UML: anza na ncha za mstari

Ukisoma mchoro wa klasi, yaani mchoro unaoonyesha aina za vitu katika programu na uhusiano wao, tazama kwanza ncha za mstari. Chukua mfumo wa duka. Pembetatu isiyojazwa rangi humwelekea mzazi: mshale ukitoka `MalipoYaSimu` kwenda `Malipo`, malipo ya simu ni aina ya malipo, yanarithi sifa zake. Mstari wa kawaida kati ya `Mteja` na `Agizo` unaonyesha uhusiano tu.

Wengi hukwama kwenye almasi nyeusi, inayoonyesha kwamba kitu kimoja ni sehemu ya kingine. Hiyo hukaa upande wa kitu kizima, yaani `Agizo`, wala si upande wa `KipengeleChaAgizo`. Jiulize: agizo likifutwa, vipengele vyake vinabaki? Vikifutika nalo, na kila kipengele ni cha agizo moja pekee, almasi iko mahali pake. Mteja hafutiki agizo likifutwa, kwa hiyo mstari wake na agizo haupewi almasi.