SOMO: Kulipwa kwa kujaribu tovuti na programu za simu (soma lote kabla ya kuja inbox)

Wakuu, kila wiki naulizwa swali hilohilo, kwa hiyo naliweka hapa mara moja. Nazungumzia uTest, ambako kampuni hutoa programu zao zikaguliwe na watu wa nje.

1. Jisajili. Ni bure. Anayekudai ada ya kujiunga ni tapeli.

2. Jaza vifaa vyako kwa ukweli: aina ya simu, toleo la Android, kivinjari. Mialiko huja kufuatana na vifaa hivyo na nchi uliyopo. Ukidanganya nchi kwa kutumia VPN, akaunti inafungwa.

3. Pitia mafunzo yao na ufanye zoezi la majaribio kabla ya kazi ya malipo.

4. Ukialikwa, soma maelekezo yote. Humo wameandika sehemu gani ikaguliwe na hitilafu zipi wanazijua tayari. Ukileta kitu kilicho nje ya hapo, kinakataliwa hata kama ni hitilafu kweli.

5. Kagua orodha ya zilizokwisharipotiwa. Hapa ndipo nilipokuwa napoteza jasho langu, na ndipo wengi mnapokwama. Anayelipwa ni aliyeripoti wa kwanza; wa pili anaandikiwa marudio na halipwi. Usitafute neno moja tu. Kama tatizo liko kwenye kikapu cha manunuzi, tafuta "cart", kisha "basket", "discount", "coupon", "total", kwa sababu mwenzako huenda ameliita jina jingine. Tafuta kabla ya kuandika, halafu tafuta tena kabla ya kutuma, maana wakati wewe unarekodi video, wengine nao wanatuma. Na marudio yakizidi, alama zako zinashuka na mialiko inapungua.

6. Andika ripoti. Huandikwa kwa Kiingereza. Mfano huu nauweka kwa Kiswahili ili muelewe:

Kichwa: Kikapu – punguzo linabaki baada ya kuondoa bidhaa na jumla kushuka chini ya kiwango.
Hatua: (1) Fungua programu, weka bidhaa mbili za 3,000 kila moja. (2) Ingiza kuponi inayotaka manunuzi ya kuanzia 5,000. (3) Ondoa bidhaa moja. (4) Tazama jumla.
Kilichotarajiwa: punguzo liondoke, jumla iwe 3,000.
Kilichotokea: punguzo limebaki, mteja anaweza kulipa.

Ambatisha video fupi inayoanzia hatua ya kwanza. Washa "Show taps" kwenye Developer options ili vidole vyako vionekane (gusa Build number mara saba, hizo options zitajitokeza). Programu ikijifunga yenyewe, video haitoshi, watataka na logi, yaani rekodi ya matukio ya ndani ya simu. Washa USB debugging, chomeka simu kwenye kompyuta yenye programu ya adb, kisha mara tu baada ya tukio andika kwenye terminal:

```
adb logcat -d > logi.txt
```

Ukichelewa, mistari ya tukio inafutwa na mipya.

7. Malipo ni kwa hitilafu iliyokubaliwa, au kwa zoezi mlilopangiwa. Hulipwi kwa saa ulizokaa. Na usiweke skrinshoti za kazi mitandaoni, umekubali kutunza siri.

MASWALI

Mdau 1: Mkuu nitumie linki, na kwa mwezi napata shilingi ngapi?
– Jina liko juu, liandike Google. La pili soma namba 7.

Mdau 1: Mbona unajibu vibaya?
– Sijajibu vibaya, nimejibu kilichokwishajibiwa.

Mdau 2: Nina simu ya bei ya chini, RAM 2GB. Nitapata kazi kweli?
– Swali zuri hili. Watengenezaji wengi wanajaribu kwenye simu zenye nguvu, kwa hiyo kwako programu itajifunga mahali ambapo kwao haijifungi. Ila thibitisha: zima programu nyingine, rudia mara tatu, na uandike imetokea mara ngapi kati ya hizo.

Mdau 3: Nitajuaje kama ni hitilafu au mtandao wangu tu?
– Badilisha: toka bando nenda Wi-Fi, halafu rudia. Ikitokea kote, ni yao. Lakini mtandao ukikatika na programu ikabaki inazunguka bila ujumbe wowote, hilo nalo unaweza kuliripoti kama maelekezo hayajalikataza.

Mdau 4: Kutoa hela je? Nipo Nairobi.
– Hulipa kwa PayPal au Payoneer. Kenya mnaweza kutoa PayPal kwenda M-Pesa. Huku Bongo mimi natumia Payoneer hadi benki. Jina la akaunti lifanane na la kitambulisho, la sivyo utasumbuka.

Mdau 2: Nyongeza wakuu, kuzeni maandishi ya simu hadi mwisho kwenye Settings, halafu fungueni programu. Vitufe vinakatika, vingine vinafunikana.
– Safi sana. Jaribu pia kugusa kitufe cha kulipa mara mbili haraka haraka, uone kama oda zinaingia mbili.